Gunia la Miezi

Mtoto wa mwaka wa pili ukimwambia akutajie miezi ya mwaka, mara nyingi ataiimba yote kumi na miwili bila kukosea, tena kwa mahadhi. Muulize sasa ni mwezi gani unaotangulia Aprili. Atatazama dari, kisha utaona midomo inaanza kucheza kimya kimya: Januari, Februari, Machi, Aprili. Akifika Aprili anasimama, anagundua kwamba jibu limeshampita, anarudi tena Januari. Wengine hukata tamaa na kukujibu Mei.

Mtoto huyo hana ujinga wowote. Ameshika miezi kama alivyoshika wimbo, na wimbo hauimbwi kinyumenyume. Mwanasaikolojia wa Marekani William Friedman, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyopata akili ya siku na miezi, alionyesha kwamba mtoto huanza kuishika miezi kama orodha ya maneno, na inachukua miaka mpaka aione kama mahali, aweze kuruka toka mwezi huu kwenda ule bila kupita njia nzima. Mwalimu wa watoto wa miaka saba hawezi kuimaliza safari hiyo. Anaweza kuwapa mahali pa kukanyaga, yaani mwezi uwe na watu ndani yake. Machi si neno la tatu katika wimbo tu, ni nyumba wanayokaa wenzangu sita, na jirani yao wa kushoto ni Februari.

Kwa hiyo natumia kalenda ya siku za kuzaliwa za darasa. Nitaeleza ninavyoitengeneza hapa Likasi, pamoja na mambo yaliyonishinda mwanzoni, maana kalenda nzuri za kubandika ukutani nimezitengeneza mbili na zote mbili hazikumaliza mhula.

Kwanza tarehe zenyewe

Usianze na rangi wala kartoni. Anza wiki moja kabla, kwa kukusanya tarehe, maana hapo ndipo kazi inapokwama.

Daftari la uandikishaji la shule lina tarehe ya kila mtoto, lakini usiinakili tu na kuondoka. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwa afisa wa hali ya raia. Wengi hawafiki kule, na siku shule inapodai karatasi, tarehe inatafutwa haraka haraka. Ukiona watoto kadhaa wamezaliwa tarehe 1 Januari au tarehe 30 Juni, jua kwamba huenda mtu alikuwa na kalamu mkononi na foleni mbele yake. Linganisha na kadi ya kupima kilo ambayo mama alipewa kwenye kituo cha afya, au kadi ya ubatizo. Kadi ya kilo ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu iliandikwa mtoto akiwa bado wa maziwa.

Karatasi zikipingana, mimi hufuata tarehe ambayo nyumbani wanaijua. Kalenda ya darasa si ya serikali. Mtoto akija na kuambiwa kwamba mama yake amekosea siku aliyomzaa, umeshaharibu somo kabla halijaanza. Daftari la shule liache kama lilivyo.

Halafu kuna mtoto asiye na tarehe kabisa. Kila mwaka wapo, na mara nyingi ni wale wanaokaa na bibi au na mama mdogo. Usimwachie nafasi tupu, wala usimpe tarehe ya kubuni mbele ya wenzake. Mwite mlezi na umuulize maswali matatu kwa utaratibu huu: Mvua ilikuwa inanyesha au ilikuwa wakati wa baridi? Noeli ilikuwa imepita au bado? Sokoni kulikuwa na nini? Bibi mmoja aliniambia hivi: "Mwalimu, mvua ilikuwa imeshaanza, tulikuwa tunapanda mahindi, maembe yalikuwa tele, na Noeli haijafika." Kwetu mvua inashika kuanzia Oktoba kwenda Novemba na mahindi yanapandwa ikishakubali. Ukiongeza maembe na Noeli iliyo mbele, umebaki na Novemba, au mwanzo wa Desemba. Nikamwambia achague siku. Akachagua 20 Novemba, na tangu hapo mjukuu wake ana siku. Nyumbani wameishika.

Uliza pia, kwa upole na pembeni, kama kuna familia isiyosherehekea siku za kuzaliwa. Mashahidi wa Yehova hawafanyi hivyo, na mjini kwetu wapo katika kila mtaa. Mtoto wao kadi yake inaweza kukaa kwenye kalenda kama habari tu, lakini usimsimamishe wala kumwimbia. Ongea na mzazi mapema, usingoje siku yenyewe.

Gunia badala ya ukuta

Sababu ya kalenda zangu mbili za kwanza kufa ni moja: chumba si changu peke yangu. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure 2019, watoto wamejaa, na madarasa mengi yana zamu mbili. Sisi tunatoka saa sita, wengine wanaingia. Karatasi iliyobandikwa ukutani asubuhi inachunwa mchana, na ile isiyochunwa inaliwa na unyevu mwezi wa kwanza, ukuta unapotoa jasho.

Kwa hiyo kalenda yangu inakunjwa na kwenda ofisini kwa direkteri kila mchana. Imetengenezwa kwa magunia mawili ya kilo 50, yale ya plastiki ya kufuma yanayobeba unga wa bukari. Yafue, yaanike, kata mshono wa upande mmoja na wa chini ili kila gunia lifunguke kuwa kitambaa kimoja. Gunia la namna hiyo likifunguliwa linakaribia urefu wa mita moja na upana wa sentimeta 120. Shona mawili ubavu kwa ubavu, maandishi ya kiwanda yawe nyuma. Utapata kitambaa cha karibu sentimeta 240. Gawanya safu kumi na mbili za sentimeta 18 kila moja, jumla 216, na kinachobaki kiwe ukingo wa kulia na kushoto. Chora mistari kwa feltre nene. Pindua ukingo wa juu na upitishe kamba ndani. Usitumie mti wala bomba, hata kama kitambaa kinakaa vizuri zaidi kwenye mti. Tutahitaji gunia hili lipinde.

Kichwa cha kila mwezi kiandike chini ya safu, si juu. Kadi zitapangwa toka chini kwenda juu, moja juu ya nyingine, kama matofali. Ukilitundika gunia, vichwa viwe karibu mita moja toka sakafuni, mtoto aweze kuweka kidole juu ya jina la mwezi. Kalenda iliyo juu ya tablo ni ya mkaguzi, si ya mtoto.

Kadi zote ziwe na kipimo kimoja: upana sentimeta 16, kimo 8. Kata kutoka kwenye kartoni za maduka. Hapa usione haya kuwa mkali, kwa sababu kadi zikitofautiana, safu yenye watoto wanne inaweza kuizidi kwa kimo safu yenye watano, na watoto watasoma uongo. Kila mtoto anaandika jina lake na namba ya siku, basi. Usiandike mwaka. Katika darasa la watoto wa miaka saba yupo mwenye tisa aliyerudia au aliyechelewa kuanza, na mwaka ukiwa ukutani kila mtu atamhesabia. Kadi ishonwe kwa uzi, mishono miwili juu na miwili chini. Pini zinang'olewa.

Siku ya kwanza uwanjani

Kabla ya kushona kadi hata moja, watoe nje. Chora kwa fimbo njia kumi na mbili kwenye udongo wa uwanja, na mbele ya kila njia weka namba, 1 hadi 12. Namba tu, bila majina.

Hapa sisi wa Katanga tuna bahati ambayo mwalimu wa Kifaransa hana. Mtoto wetu anasikia nyumbani "mwezi wa kwanza", "mwezi wa tano". Utaratibu wa miezi umo ndani ya jina lenyewe, na mtoto anayejua kuhesabu hadi kumi na mbili anajua tayari kwamba mwezi wa saba unafuata wa sita. Usiitupe mali hiyo kwa haraka ya kutaja Januari. Siku ya kwanza kila mtoto aambiwe: "Wewe ni wa mwezi wa tatu, tarehe 14." Ataenda kwenye njia ya 3. Wakishasimama wote, ndani ya kila njia wajipange kwa tarehe, ndogo mbele.

Katika darasa la watoto 54 njia zilijaa hivi: mwezi wa kwanza wanne, wa pili watano, wa tatu sita, wa nne wanne, wa tano watatu, wa sita saba, wa saba watatu, wa nane wanne, wa tisa sita, wa kumi watano, wa kumi na moja watatu, wa kumi na mbili wanne. Katika darasa la ukubwa huo ni nadra mwezi ubaki bila mtu. Lakini kama una watoto ishirini tu, tarajia miezi miwili hivi iwe mitupu. Miezi hiyo itasahaulika mara moja, kwa hiyo upe kila mmoja mwenyewe: wewe mwalimu, direkteri, mama anayeuza maandazi mlangoni. Mimi nimo kwenye gunia langu hata kama mwezi wangu umejaa.

Mapacha watakupa somo la bure. Kina Kyungu na Kabange wanasimama njia moja na tarehe moja, na darasa zima litabishana nani akae mbele. Acha wabishane kidogo. Halafu uliza kama watu wawili wasio ndugu wanaweza kuwa na tarehe moja. Watasema hapana. Baadaye kidogo, kwa darasa la watoto hamsini na zaidi, karibu kila mara utawapata wawili wa namna hiyo wamesimama hapo hapo.

Maliza kwa kupiga kelele njia kwa njia. Wa mwezi wa kwanza wanaruka, wa mwezi wa pili wanaruka, mpaka kumi na mbili. Kisha kinyume. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza wataisikia miezi ikirudi nyuma bila wimbo, kwa sababu wanatazama watu, hawavuti maneno.

Majina, na mitego yake

Siku ya pili ndipo unapoleta majina. Katika miaka miwili ya kwanza lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na Kifaransa ni somo, lakini mtoto wa Likasi anasikia vyote viwili: kanisani wanatangaza Machi, kwenye redio na kwenye karatasi ya shule wanasema marsi. Kwa hiyo kichwa cha safu kina ngazi tatu: namba kubwa, chini yake jina la Kiswahili, chini kabisa jina la Kifaransa kwa herufi ndogo. Jina la Kifaransa lipo liangaliwe, halidaiwi mpaka mhula wa tatu.

Usifundishe majina kumi na mawili kwa siku moja. Kila kundi lipewe jina lake na lilinde. Watoto saba wa mwezi wa sita wanajua kwamba wao ni Juni, na kwa wiki nzima ukisema "Juni" wao wanasimama. Mtoto anamiliki jina moja vizuri, kisha majirani wawili, kisha yanasambaa. Wiki tatu zinatosha kwa wengi.

Majina yatakayokusumbua yanajulikana mapema. Juni na Julai yanachanganywa na karibu kila mtoto, na kwa Kifaransa, jwen na jwiye, hali ni mbaya zaidi. Machi na Mei nayo yanafanana kwa sikio la mtoto. Dawa yake si kurudia rudia majina hayo mawili pamoja, kwani unayafunga yawe pacha zaidi. Yatenganishe, kila moja lipate kitu chake. Juni ina tarehe 30, sikukuu ya uhuru wa 1960, gwaride na bendera. Julai ndio mwezi ambao shule imefungwa. Mei inaanza na sikukuu ya kazi, na baridi inaingia. Wabemba, ambao tunao wengi katika jimbo, wana majina yanayosaidia sana hapa: mwezi wa tano wanauita Kapepo kanono, baridi ndogo yenye upepo, na wa sita Kapepo kakalamba, yaani ile kubwa. Nikiwaambia watoto hivyo, yule anayeongea Kibemba nyumbani anacheka kwa fahari, na wengine wanakumbuka sweta.

Mtego ninaoupenda, kwa sababu ulinichukua muda kuuelewa, ni wa Septemba. Kila mwaka watoto wachache wanaoanza kusoma vizuri wanaiweka Septemba kwenye namba 7. Nilidhani ni uzembe. Kumbe wamejifunza kuandika saba kwa Kifaransa, na herufi nne za neno hilo ndizo herufi nne zinazoanzisha Septemba: S, E, P, T. Mtoto amefikiri sawasawa. Kosa ni la Warumi, ambao mwaka wao wa zamani ulianza Machi, ikawa Septemba kweli ni mwezi wa saba. Mwanzo ulipohamia Januari, majina yakabaki na namba za zamani. Mwambie mtoto kwamba ameona kitu cha kweli, na umwonyeshe kwenye gunia: weka kidole Machi, hesabu moja, na uende mpaka saba. Utafika Septemba. Nimeona mtoto akirudia hesabu hiyo mara tatu peke yake wakati wa mapumziko.

Mtego wa mwisho ni wa Kiswahili chenyewe. "Mwezi wa tatu" na "miezi mitatu" vinagongana kichwani. Ukimuuliza mtoto tumebakiza miezi mingapi kufika siku yake, anakujibu namba ya mwezi wake. Usimsahihishe kwa maneno. Mpeleke kwenye gunia apige hatua kwa kidole, akihesabu kila anapovuka mstari, si kila anapogusa safu. Toka Februari kufika Mei ni mistari mitatu. Anayehesabu safu atasema nne, kwa sababu amehesabu na alipokuwa amesimama. Kosa hilo la kuhesabu mahali pa kuanzia utaliona wiki nyingi, na dawa ni mstari uliochorwa kwa feltre nene.

Dakika tatu kila asubuhi

Kibanio cha nguo kimoja, kipakwe rangi nyekundu, kinabana ukingo wa chini wa safu ya mwezi tuliomo. Siku ya kwanza ya masomo katika mwezi mpya, kinahama. Anayekihamisha ni mtoto wa mwezi unaoingia, mwenye tarehe ndogo kuliko wote. Kazi hiyo wanaigombea, na kwa kugombea wanajifunza kuangalia nani anafuata.

Mwaka wa shule unaanza Septemba, kwa hiyo kibanio kitaanzia safu ya tisa, mbali upande wa kulia. Kuna walimu wanaopanga kalenda kuanzia Septemba ili ifuate mwaka wa masomo. Siwafuati. Ukifanya hivyo unauvunja uhusiano wa jina na namba, na Septemba inakuwa ya kwanza huku nyumbani ni ya tisa. Afadhali kibanio kianze katikati ya njia, watoto waulize kwa nini.

Kila asubuhi uliza mawili au matatu tu. Tuko mwezi gani? Nani anafuata kuzaliwa? Mwezi uliopita ulikuwa wa nani? Badilisha swali la tatu kila siku. Usigeuze kuwa mtihani. Ukizidisha dakika tatu, wale wa Mei, ambao siku yao iko mbali, wanaanza kupigana chini ya meza.

Siku yenyewe ikifika, mtoto anashika kibanio wakati wa maswali, yeye ndiye anayeuliza, na anachagua wimbo mmoja. Dakika tano zimetosha. Keki, pipi na vinywaji vya chupa nimevikataza kabisa darasani, tangu mwaka ambao mama mmoja alileta sanduku la vinywaji na wiki iliyofuata mtoto wa siku nyingine hakuja shule kwa kuona aibu. Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, tunaifanya siku ya shule inayofuata, lakini kadi haihami. Wa Julai na Agosti wanafanyiwa wiki ya mwisho kabla ya likizo kubwa, wote saba pamoja, na hapo tena kadi zao zinabaki pale pale. Nimeona kalenda ambazo mwalimu amezihamishia kadi za likizo kwenye Juni ili wasikose. Kwa huruma hiyo amewafundisha watoto saba kwamba wamezaliwa mwezi wa sita.

Mtoto wa tarehe 29 Februari ni nadra, lakini mwaka 2020 ulikuwa mrefu, na watoto wa mwaka huo ndio hawa wanaokaribia au kufikia miaka saba. Ukimpata, mwache achague 28 Februari au 1 Machi, na kadi iandikwe 29. Kuhusu siku 30 na 31, onyesha njia ya vifundo vya ngumi mara moja, wafurahi, muendelee. Si ya umri huu.

Safu zikishasimama, somo la hesabu limejitengeneza. Mwezi gani una watoto wengi? Juni inawazidi wa Novemba kwa wangapi? Huhitaji kuchora kitu kingine mwezi mzima.

Namna ya kujua kama wameshika

Mwisho wa mhula wa kwanza, kabla ya likizo ya Noeli, mwite mtoto mmoja mmoja mezani, gunia likiwa limekunjwa. Mwulize manne. Taja mwezi unaofuata Julai. Taja unaotangulia Aprili. Juni ni mwezi wa ngapi? Na nani katika darasa hili amezaliwa mwezi unaofuata wako?

Usisikilize jibu tu, tazama midomo. Anayeanza Januari kila mara bado anavuta wimbo. Anayeanza karibu, akasema "Machi, Aprili... Machi", ameshapata mahali pa kukanyaga. Anayekujibu kwa jina la mwenzake kwanza, kisha mwezi, ndiye aliyefika ulipotaka. Katika kundi la watoto hamsini wapo watakaoweza la kwanza na kushindwa la pili mpaka mwisho wa mwaka, na hao waache, umri utawasaidia. Asiyeweza hata Juni kuwa ya sita, rudi naye uwanjani kwenye njia za udongo.

Januari, shule inapofunguliwa, unapata kikwazo ambacho gunia la kutundika haliwezi kukitatua. Kibanio kiko safu ya kumi na mbili, kulia kabisa. Kinatakiwa kwenda safu ya kwanza, kushoto kabisa. Watoto wanakiona kikiruka mita mbili nzima hewani, na wengi wanaelewa kwamba Desemba na Januari ni miezi iliyo mbali kuliko yote. Ukiwauliza toka Novemba kufika Februari ni miezi mingapi, watarudi nyuma kuhesabu tisa.

Sasa litoe gunia kwenye misumari. Waite watoto wanane walishike kwa kamba ya juu, uso wenye kadi ukiwa ndani, na wawili kati yao walete ukingo wa Desemba na ukingo wa Januari mpaka vikutane, vilaliane, mstari ushikane na mstari. Linakuwa pipa lenye kipenyo cha sentimeta 70 hivi. Mtoto mmoja aingie ndani kwa kupita chini. Walipandishe gunia kadiri mikono yao inavyofika, naye ainamishe macho kwenye vichwa vya miezi. Mwambie atafute mwezi wake, aweke kidole, kisha ageuke kulia, polepole, akisoma. Akifika Desemba asisimame. Ataendelea kugeuka, Januari itakuja, halafu Februari, na atarudi kwenye jina lake mwenyewe. Mwambie ageuke kushoto, na miezi itarudi nyuma kwa mpangilio. Muulize tena toka Novemba kufika Februari. Atavuka mistari mitatu.

Kila mtoto aingie angalau mara moja, kwa hiyo tenga asubuhi mbili, na wanaoshika gunia wapokezane, mikono inachoka. Wa kwanza niliyemwingiza alizunguka mara nne kabla sijamwambia atoke, kisha kutoka ndani tukamsikia akisema, "Mwalimu, mwisho uko wapi?"